Tangazo la Moto la Chumba 412

Katika hoteli nyingi za Dar es Salaam kuna karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba. Inaanza kwa adabu zetu zote: ndugu mteja, uongozi unakukaribisha na unapenda kukujulisha kwamba muda wa kuondoka ni saa nne asubuhi. Inafuata bei ya kufuliwa nguo, kisha onyo kwamba hoteli haitahusika na upotevu wa vitu vya thamani ambavyo havikukabidhiwa mapokezi, kisha katazo la kuvuta sigara. Chini kabisa, kwa herufi zilezile, kuna sentensi mbili za moto. Pale ambapo mwenye hoteli amewafikiria wageni wengine, karatasi yote imerudiwa kwa Kiingereza, na siku hizi, tangu wafanyabiashara na mafundi wa Kichina wawe wengi, imerudiwa tena kwa Kichina katika nafasi iliyobaki.

Sasa fikiria king'ora kinalia saa nane usiku na umeme umekatika. Mgeni wa Kichina anawasha tochi ya simu. Ili afike kwenye agizo la kwanza linalohusu uhai wake, anapita lugha mbili asizozisoma, halafu ndani ya lugha yake mwenyewe anapita bei ya kufua mashati. Karatasi hiyo ina kila kitu, lakini imepangwa kwa ajili ya mtu asiye na haraka. Katika sura hii nataka tuiandike upya, tukifuata chumba kimoja tu, maana tangazo la moto haliandikiwi hoteli nzima. Linaandikiwa mlango mmoja.

Chukua hoteli ya Kariakoo yenye ghorofa sita juu ya ile ya chini. Kila ghorofa ina vyumba ishirini na vinne, kumi na viwili kila upande wa korido. Ngazi ziko mbili, moja kila mwisho wa korido, na lifti iko katikati. Wageni wake ni wale wa Kariakoo: wenye maduka wa Mwanza na Mbeya, wachuuzi kutoka Lubumbashi, Lusaka na Komoro, na Wachina waliofuata mzigo au mradi wa ujenzi. Sisi tuko chumba 412.

Kabla ya kuandika neno lolote ni lazima tujue nini kinamuua mgeni wa hoteli. Tarehe 21 Novemba 1980, moto ulianza kwenye mgahawa wa ghorofa ya chini katika hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Watu 85 walikufa. Wengi wao hawakuguswa na ndimi za moto. Walikuwa ghorofa za juu na waliuawa na moshi uliopanda kupitia mashimo ya lifti, ngazi na njia za hewa. Wapo waliotoka vyumbani wakaingia kwenye ngazi, wakakuta moshi, wakataka kurudi koridoni, na milango ilikuwa imejifunga nyuma yao. Kwa hiyo adui wa kwanza ni moshi, na uamuzi wa kwanza unafanyika mlangoni: je, korido hii inapitika? Ikipitika, toka upesi. Isipopitika, chumba chenye mlango uliofungwa ndicho kimbilio, na kutoka ndiko kunakoua. Tangazo linalosema tu “toka nje haraka” limemwamulia mgeni jambo ambalo halilijui.

Hapo ndipo mpangilio wa maagizo unapopatikana. La kwanza ni kugusa mlango kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, kwa sababu mgongo wa mkono huhisi joto mapema na ukiungua bado kiganja kinabaki na kazi ya kushika. La pili ni kutoka, ukiwa na ufunguo. Watu hushangaa ufunguo unatafuta nini hapa, wakati sote tumeambiwa tuache kila kitu. Milango ya kadi hujifunga yenyewe. Mgeni akifika nusu ya korido akakuta moshi mzito, hana pa kurudi kama kadi imebaki mezani. Basi aache begi, aache kompyuta na viatu vya kufunga kamba, lakini kadi aichukue. La tatu ni njia. La nne ni pa kuishia. La tano ni kwa yule ambaye mlango wake ulikuwa na joto.

Na yapo ya kuondoa. Nimeondoa mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu mgeni aliyeamka usingizini hatumwombi apigane na moto. Mtungi ni kazi ya mfanyakazi aliyefundishwa kuutumia. Nimeondoa “usihofu”, ambalo halijawahi kumtuliza mtu yeyote aliyekuwa na hofu. Nimeondoa “tafadhali” na “kwa usalama wako”. Kwetu kumwamuru mgeni si adabu, najua, na mameneja wengi hushikilia neno hilo. Lakini kila neno la heshima linaloanza mstari linasukuma kitenzi mbele, na mtu anayesoma kwa tochi anatafuta kitenzi. Bei za kufua na saa za kuondoka ziende kwenye karatasi yao mezani.

Swali linalofuata ndilo linalozua ubishi kwenye vikao: lugha gani iwe juu? Mwenye hoteli anasema Kiingereza, kwa sababu ni cha wote. Ofisa masoko anasema Kichina, kwa sababu ndio wageni wanaolipa wiki nzima. Kiswahili kinaachwa mwisho kwa hoja kwamba wenyeji wataelewa tu. Mimi naona swali lenyewe limewekwa vibaya. Lugha zikipangwa moja juu ya nyingine, lazima mtu fulani aanzie chini. Zikipangwa kwa safu, moja ubavuni mwa nyingine kwenye karatasi iliyolazwa, zote zinaanzia juu, na kila agizo linakaa kwenye mstari wake pamoja na namba yake. Mstari wa 3 wa Kiswahili unatazamana na mstari wa 3 wa Kichina.

Mpangilio huo una faida kubwa kuliko usawa. Usiku, anayegonga milango ni mlinzi au mhudumu wa zamu. Hajui Kichina, na mgeni hajui Kiswahili. Lakini mlinzi akisoma safu yake anajua kwamba mstari wa 4 ni wa mahali pa kukusanyika, na kidole chake kikitua hapo, mgeni anasoma jambo lilelile kwa lugha yake. Ndiyo sababu Kiswahili ninakiweka kushoto, mwanzo wa safu: kinasomwa na mgeni wa Mwanza na wa Lubumbashi, na kinasomwa na kila mfanyakazi atakayelazimika kumwongoza mtu mwingine. Kiingereza kinakaa katikati, Kichina kulia kwa herufi kubwa zaidi, kwa sababu herufi za Kichina zina mistari mingi ndani ya nafasi ndogo na zikipunguzwa zinageuka madoa. Bahati nzuri Kichina hakihitaji nafasi kubwa, kwa hiyo ukubwa huo haubani safu nyingine.

Hili ndilo tangazo la chumba 412. Hapa nimelipanga mstari kwa mstari ili liingie kwenye ukurasa wa kitabu. Ukutani kila namba ina safu tatu:

```
MOTO | FIRE | 火灾

1  Gusa mlango kwa mgongo wa mkono.
   Feel the door with the back of your hand.
   用手背摸房门。

2  Hauna joto: toka sasa. Chukua ufunguo. Funga mlango.
   Not hot: leave now. Take your key. Close the door.
   门不烫:马上离开。带房卡,关好门。

3  Kushoto, milango 5, ngazi. Kukiwa na moshi:
   kulia, milango 6, ngazi. Usitumie lifti.
   Left, 5 doors, stairs. If smoke: right, 6 doors,
   stairs. Do not use the lift.
   出门左转,过5个门,走楼梯。左边有烟:
   右转,过6个门,走楼梯。禁止乘电梯。

4  Shuka mpaka G. Kusanyika geti la shule, ng'ambo
   ya barabara. Usirudi ndani.
   Go down to G. Meet at the school gate across the
   road. Do not go back in.
   一直下到G层(地面层)。1层不是出口,不要停。
   到马路对面学校大门口集合。不要返回。

5  Mlango una joto, au moshi umejaa nje: BAKI NDANI.
   Ziba chini ya mlango kwa taulo lililoloweshwa.
   Piga 0 au 114. Taja chumba 412.
   Door hot, or thick smoke outside: STAY IN.
   Block the gap under the door with a wet towel.
   Call 0 or 114. Say room 412.
   门烫或走廊有浓烟:留在房内。
   用湿毛巾堵住门缝。拨0;坦桑尼亚火警是114,
   不是119。报房号412。
```

Msomaji makini ataona kwamba mstari wa 4 na wa 5 wa Kichina ni mrefu kuliko wenzake. Si tafsiri mbovu. Safu tatu zinashirikiana tendo, hazilazimiki kushirikiana maneno, na hapa msomaji wa Kichina anakabiliwa na mitego miwili ambayo wengine hawana.

Mtego wa kwanza ni hesabu ya ghorofa. Sisi, kama Waingereza, tunaanza kuhesabu ghorofa ya kwanza juu ya ile iliyo usawa wa barabara. Wachina wanaanza chini: kwao ghorofa ya 1 ndiyo yenye mlango wa kutokea nje. Mfuate mgeni wa 412 akishuka ngazi gizani. Anapita mlango ulioandikwa 3, kisha 2, kisha 1. Maisha yake yote namba 1 imemaanisha barabara. Anasimama, anasukuma mlango, anaingia kwenye korido ya vyumba ambayo inaweza kuwa ndiyo inayoungua, na huku ngazi iliyobaki kumfikisha nje iko nyuma yake. Mchana na taa zikiwaka angeona kosa mara moja. Usiku, kwenye moshi, watu walio nyuma yake wanamsukuma. Ndiyo maana Kichina kinasema waziwazi kwamba ghorofa ya 1 si ya kutokea, asisimame. Dawa kamili zaidi iko kwenye ngazi yenyewe: mlango wa ghorofa ya 1 uwe na mshale wa kijani unaoelekeza chini, na mlango wa G uwe na alama ya mtu anayekimbia kuelekea mlangoni.

Mtego wa pili ni namba ya simu. Zimamoto ya Tanzania ni 114. China zimamoto ni 119, na huko 114 ni namba ya kuulizia namba za simu. Mchina akiiona 114 bila maelezo anaweza kudhani imeandikwa kimakosa na kupiga ile aliyofundishwa tangu shuleni. Maneno mawili, “si 119”, yanafunga mlango huo. Tena nimeitanguliza 0 ya mapokezi kabla ya 114, kwa sababu mgeni asiyejua Kiswahili wala Kiingereza atapoteza muda kujieleza kwa ofisa wa zimamoto, ilhali mpokeaji wa hoteli akisikia tu namba ya chumba ameshaelewa. Hii inadai kwamba mapokezi pabaki mtu, au simu yake ihamishiwe kwenye simu ya mkononi ya msimamizi wa zamu kabla hajatoka nje. Hoteli isiyoweza kuhakikisha hilo igeuze mpangilio, 114 ianze.

Turudi mstari wa 3, maana ndio unaoharibika zaidi. Vyumba vya namba shufwa viko upande mmoja wa korido, vya witiri upande wa pili. Ukitoka 412 ukageuka kushoto, unapita milango mitano, 410 mpaka 402, kisha ngazi. Jirani wa mkabala, 411, akitaka ngazi ileile anageuka kulia. Hoteli ikichapa tangazo moja ikalibandika ghorofa nzima, imewapeleka nusu ya wageni upande usio wao, na idadi ya milango haitakuwa sahihi isipokuwa kwa vyumba viwili. Kosa hilohilo huingia kwenye ramani ndogo yenye alama ya “uko hapa”. Ramani inatakiwa igeuzwe ili kilicho kushoto mwa msomaji kiwe kushoto kwenye karatasi, na hivyo ya 411 huwa imepinduliwa kichwa chini ukiilinganisha na ya 412. Kulijua kosa ni rahisi: simama ukitazama mlango, weka kidole kwenye ngazi ya kwenye ramani, kisha nyoosha mkono kuelekea ngazi yenyewe. Mikono ikipishana, ramani ni ya chumba kingine.

Idadi ya milango nayo si urembo. Mtu anayetambaa chini ya moshi haoni alama za ukutani; anapapasa ukuta, na fremu za milango ndizo anazozihisi. Akijua ni mitano, atajua wa sita ni wa ngazi. Ndiyo maana kila karatasi inachapwa peke yake, na kwa hoteli yetu ni karatasi mia moja arobaini na nne, vyumba ishirini na vinne kwa ghorofa sita. Kwa kompyuta si kazi ya kutisha: jedwali moja lenye namba ya chumba, upande na idadi ya milango, na fomu moja inayojaza.

Kwenye uchapaji Kichina kina hatari zake. Faili likitengenezwa kwenye kompyuta moja likachapwa kwenye nyingine isiyo na fonti ya Kichina, herufi hutoka vibweta vitupu, na mchapaji asiyesoma lugha hiyo hataona tofauti. Litoke kama PDF yenye fonti ndani yake; Noto Sans SC ni ya bure na mistari yake ni minene, inasomeka kwenye mwanga hafifu. Karatasi isipakwe plastiki inayong'aa. Tochi ya simu ikiipiga, mwanga unarudi machoni na maandishi yanapotea. Tumia plastiki isiyong'aa. Ibandikwe kwenye mlango wenyewe, usawa wa macho, upande wa kitasa, ambako tochi itaelekezwa hata hivyo.

Kisha ijaribiwe. Usimwulize aliyetafsiri kama tafsiri ni nzuri. Mtafute Mchina ambaye hakushiriki kuiandika, mwombe akueleze kwa maneno yake kila mstari unasema nini. Kwa njia hii nimeona “mahali pa kukusanyika” papo hapo pakigeuka mahali pa kuunganishia vipuri vya mashine, kwa sababu mtu alitafsiri neno la Kiingereza bila kujua linahusu moto. Ukishapata maneno sahihi, zima taa za korido baada ya kuwaarifu wageni, funika safu mbili, mpe mgeni tochi na umwombe atoke mpaka getini bila kumsemesha. Tembea nyuma yake. Pale anaposimama, au anapotazama lifti, au anapokugeukia kuuliza, ndipo mstari ulipokosewa. Fanya hivyo hivyo na mhudumu wa usafi kwa safu ya Kiswahili. Kwa Kiswahili, niliwahi kupendekeza “mlango ukiwa wa moto”, na mhudumu akauliza mlango wa moto ni upi, ule wa dharura? Ndipo likaingia neno joto.

Wafanyakazi wana karatasi yao, na isichanganywe na ya mgeni. Humo ndimo mnamoandikwa nani anapiga 114, nani anachukua orodha ya wageni waliolala, nani anagonga milango ya ghorofa ipi, na maneno ya kuita kila anapogonga: moto, faya, na kwa Kichina kitu kinachotamkwa karibu na “jao hwo le”, yaani pamewaka moto. Mara kumi za kurudia kwenye kikao cha zamu zinatosha kuyashika. Humo pia mnaandikwa jambo ambalo hakuna tangazo la mgeni linaloweza kulitibu, la kufuli. Mlango wa dharura wa nyuma mara nyingi hufungwa usiku kwa hofu ya wezi au ya wageni wanaotoroka bila kulipa, na ufunguo huwa mfukoni mwa mlinzi aliyekwenda kunywa chai. Mlango huo uwekewe komeo la kusukuma kutoka ndani, linalofunguka bila ufunguo na kulia kengele linapofunguliwa. Mwizi atasikika na mgeni atatoka. Kabla halijawekwa, mstari wa 3 wa vyumba vyote vya upande huo haustahili kuchapwa, kwa kuwa unamwelekeza mtu ukutani.

Kwenye kona ya chini ya kila karatasi weka tarehe ya ukaguzi wa mwisho na nafasi ya sahihi. Geti la shule huhamishwa, ngazi hufungwa kwa ukarabati, chumba 406 na 408 hubomolewa ukuta vikawa kimoja na milango mitano ikawa minne. Kila badiliko la namna hiyo linagusa safu zote tatu siku hiyohiyo. Kishawishi ni kurekebisha Kiswahili na Kiingereza kwa kalamu na kusubiri mtu wa kuandika Kichina apatikane, lakini tarakimu haihitaji mtafsiri: futa 5 na uandike 4 kwenye safu zote, kisha uagize karatasi mpya.